Mbona Kaandika Mwenyewe?

Shangazi yangu hanipigii simu mchana. Anajua niko kazini, na yeye ni mtu wa kuheshimu kazi za watu. Kwa hiyo nilipoona jina lake kwenye simu saa nane ya mchana, nilitoka ofisini nikasimama kwenye ngazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimesomewa ile habari yako ya marehemu."

Nilifurahi. Insha yangu kuhusu kifo cha baba ilikuwa imetoka wiki mbili kabla, na watu niliowaheshimu walikuwa wameisifu. Nikangoja na yeye aisifu.

"Kwenye kisomo juzi," akasema, "mwenzetu mmoja kaniambia, alhamdulillahi, angalau kijana alimuwahi baba yake. Nikamwambia, hakumuwahi. Akaniambia, mbona kaandika mwenyewe?"

Nikamwambia shangazi kwamba sikuandika hivyo. Nilikuwa na uhakika. Niliporudi kwenye kiti niliifungua insha ile nikaipitia sentensi moja moja, nikitafuta mahali niliposema uongo. Sikupaona. Nikaisoma tena, safari hii kama mtu asiyemjua baba wala mimi, na hapo nikaona kwamba yule mama wa kisomo alikuwa sahihi. Niliandika kwamba nilimuwahi.

Hiki ndicho kipande chenyewe, kama kilivyochapishwa:

*Usiku wa Ijumaa joto ni kali. Shangazi anamshikia baba kikombe cha maji, naye anageuza uso ukutani.*

*Ninaingia Tanga Ijumaa, usiku. Mlango uko wazi. Ninavua viatu, ninakaa ukingoni mwa kitanda. Ananiuliza kama nimekula. Ninasema ndiyo.*

*Tairi la baiskeli limepasuka. Baba anacheka. Nina miaka tisa.*

*Kitanda ki kitupu.*

Kati ya aya na aya palikuwa na nyota tatu, kama tunavyofanya sote. Kila sentensi hapo ni ya kweli. Shangazi alimshikia baba kikombe. Mimi niliingia Tanga usiku, nikavua viatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Niliulizwa kama nimekula. Lakini baba alifariki Alhamisi usiku, akazikwa Ijumaa baada ya swala, na mimi nilifika Ijumaa saa mbili usiku. Kitanda nilichokaa hakikuwa na mtu. Aliyeniuliza kama nimekula ni shangazi. Msomaji wangu lakini alimwona mgonjwa amelala, mwanawe amefika, na baba, kwa pumzi zake za mwisho, anamuuliza mwanawe kama amekula. Ni picha nzuri sana. Haikutokea.

Uongo huo haukukaa ndani ya sentensi yoyote. Ulikaa kwenye nyota tatu.

Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia, kwenye warsha zetu na kwenye maoni ya wahariri, kwamba mruko wa wakati unaomchanganya msomaji ni alama ya ukomavu. Nilipomweleza mwandishi mmoja mwenzangu yaliyonikuta, alinijibu kwamba ukungu ule ndio uzuri wa insha, na kwamba msomaji mvivu asitupangie namna ya kuandika. Mwaka mmoja kabla ya hapo ningempigia makofi. Sasa nataka kubishana naye, maana aliyepotezwa na ukungu wangu hakuwa mvivu. Alisikiliza kwa makini, akaelewa kilichoandikwa. Mvivu nilikuwa mimi.

Kwanza nieleze nisichokipinga. Sisemi hadithi ya kweli lazima ianze na kuzaliwa na iishie kaburini. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alikuwa akimwacha shujaa wake porini katikati ya hatari na kurudi nyuma miaka mingi kueleza pete ilitoka wapi. Lakini hakuruka kimyakimya. Alisema, "Tumwache huko huko, turudi kwa mama yake kabla hajaolewa." Katika sentensi hiyo moja kuna kila kitu: nani tunamwacha, nani tunamwendea, na tunakwenda nyuma ya tukio gani. Tulikuwa watoto sita kwenye mkeka, wengine tunasinzia, na hakuna aliyepotea.

Shuleni tulifundishwa kwamba jambo hilo linaitwa mbinu rejeshi. Tulifundishwa kulitambua katika riwaya na kulitaja kwenye mtihani ili tupate alama. Sikumbuki kufundishwa namna linavyofanywa: mwandishi anatoka vipi kwenye tukio, anaingia vipi kwenye lingine, na anarudi kwa mlango gani. Tulipoanza kuandika sisi wenyewe, tulichokuwa nacho ni filamu. Na filamu huruka bila neno kwa sababu ina vingine vya kusema badala ya neno. Mtoto wa miaka tisa anaonekana ni wa miaka tisa. Kitanda kitupu kinaonekana ni kitupu. Ukurasa hauna uso wala nguo. Una maneno tu, na ukiyanyima kazi ya kutaja wakati, hakuna kingine kitakachoifanya kazi hiyo.

Niangalie basi nilivyokosea, maana makosa yangu si yangu peke yangu. Ninayaona kila wiki katika rasimu za wenzangu.

Kosa la kwanza ni kuandika kila kitu kwa -na-. Shangazi anamshikia, ninaingia, baba anacheka. Tumejiaminisha kwamba -na- inamweka msomaji ndani ya tukio, na kwa tukio moja ni kweli. Lakini insha yangu ilikuwa na siku tatu tofauti: Alhamisi, Ijumaa, na siku moja ya utotoni. Nilipozivika zote -na-, nilitupa chombo pekee ambacho kitenzi cha Kiswahili kinacho cha kutenganisha siku hizo. Msomaji akikutana na -na- tatu zinazofuatana anafanya jambo la busara: anadhani ni wakati mmoja. Kama unaipenda -na- kiasi hicho, ipe uzi mmoja tu. Siku za msiba ziende kwa -na-, utoto uende kwa -li-, na usivunje ahadi hiyo hata mara moja. Sentensi moja ya utotoni ikiteleza ikaingia kwenye -na-, msomaji ataacha kuiamini alama hiyo katika kurasa zote zilizobaki.

Kosa la pili ni dogo kwa macho, lakini ndilo lililoniumbua zaidi. Niliandika "ananiuliza kama nimekula" bila kutaja jina. Tunasoma Kiingereza kingi, na Kiingereza kina kiwakilishi kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Mwandishi wa lugha hiyo akiruka kutoka kwa baba kwenda kwa shangazi, kiwakilishi chenyewe kinambebea nusu ya mzigo. Kiambishi chetu a- hakisemi ni mwanamume au ni mwanamke, mzee au mtoto. Kinamfuata yule aliyetajwa mwisho au yule ambaye moyo wa msomaji uko kwake. Katika kipande changu moyo wa msomaji ulikuwa kwa mgonjwa. Kwa hiyo a- ikamwendea mgonjwa, na marehemu akaongea. Ndani ya tukio moja unaweza kukaa na a- aya nzima bila shida. Ukivuka mpaka wa tukio, mtaje mtu upya, kwa jina au kwa cheo chake, katika sentensi ya kwanza ambamo anafanya jambo. Hata kama unaona ni wazi. Kwako ni wazi kwa sababu ulikuwepo.

Kosa la tatu linahusu siku yenyewe. Sisi wa pwani tunahesabu usiku ukitangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Shangazi aliposomewa "usiku wa Ijumaa" alielewa Alhamisi, na aliposomewa "Ijumaa, usiku" alielewa siku ya pili yake. Alisikia siku mbili. Lakini wasomaji wangu wengi wa bara, na vijana wengi wa pwani pia, walisikia usiku mmoja uliotajwa mara mbili. Naam, nilitaja siku. Na kutaja siku kukazidisha giza.

Ndiyo maana siwaamini wale wanaosema dawa ni vichwa vidogo vya tarehe. Unajua ninavyovisema: mji, mkato, mwaka, kisha hadithi inaendelea. Sivikatazi. Vinasaidia pale ambapo nyuzi ni nyingi na miaka inapishana. Lakini tazama unavyosoma wewe mwenyewe. Jicho linaruka kichwa kama linavyoruka namba ya ukurasa, na ukifika sentensi ya tatu ndipo unapogundua umepotea, unarudi juu kutazama. Zaidi ya hapo, tarehe inamtaka msomaji apige hesabu. Akikutana na 1994 baada ya 2016 anapaswa kukumbuka ulizaliwa lini, atoe, apate umri wako, kisha aanze kukuona. Ukimwambia "nilikuwa bado navaa kaptura ya shule," hana hesabu ya kupiga. Anakuona hapo hapo.

Kipimo ninachokitumia sasa ni hiki: vifute vichwa vyote vya tarehe na nyota zote, kisha soma. Kama hadithi bado inasimama, virudishe ukipenda. Kama imeanguka, ujue ilikuwa inaegemea pambo.

Kinachobeba mruko ni sentensi ya kwanza baada yake, ikishindikana ya pili. Kufika hapo msomaji awe ameshajua mambo matatu: ni nani, ni wapi, na ni kabla au baada ya kitu gani ambacho tayari anakijua. Hilo la tatu ndilo tunalolisahau. "Siku moja" haisaidii kitu. "Mwezi mmoja baada ya arobaini" inasaidia, kwa sababu msiba msomaji ameshauona. Na uzito wa neno ulingane na urefu wa mruko. Ukiruka saa moja, "baadaye kidogo" inatosha. Ukiruka miaka ishirini, neno moja ni jepesi mno. Unahitaji mwili: umri, nywele ambazo bado ni nyeusi, ukuta ambao haujapakwa rangi.

Mruko wa sura ni mgumu zaidi ya huu wa ndani ya sura, kwa sababu msomaji huenda alifunga kitabu akalala. Nimesoma miswada inayofunga sura mtu akiwa kwenye basi, na sura inayofuata inaanza, "Alikuwa mkali siku hiyo." Nani? Siku gani? Mwandishi anatuweka hivyo ukurasa mzima na nusu, kisha anatufunulia kwamba ni mwalimu wake wa darasa la tano. Anadhani ametujengea hamu. Hamu ni kutaka kujua kitakachotokea. Tulichokuwa nacho sisi ni kutojua tumesimama wapi, na mtu asiyejua amesimama wapi hawezi kutaka kujua kitu kingine chochote.

Sasa nije kwenye vitenzi, maana hapa ndipo lugha yetu ina utajiri tunaoupuuza.

Kiambishi -ka- kinasonga mbele tu. Kila -ka- inaning'inia kwenye kitenzi kilichoitangulia na kusema: kisha. Ukiandika "Baba alifariki Alhamisi. Akaninunulia baiskeli," umemfanya maiti aende dukani, hata kama kati ya sentensi hizo umeweka nyota hamsini. Ukitaka kurudi nyuma lazima uikate minyororo ya -ka- kabisa na kuanza upya.

Kuanza upya kunafanywa na ngazi ya "alikuwa ame-". Uko kwenye -li-, unataka kuteremka wakati wa nyuma zaidi, basi unasema "alikuwa ameninunulia baiskeli nilipotimiza miaka tisa." Hiyo ni ngazi. Lakini ngazi ni ya kushukia, si ya kukaa. Nimeona wanaoing'ang'ania ukurasa mzima: alikuwa ameinua, alikuwa amesema, alikuwa amecheka. Inachosha na haina faida, kwa sababu msomaji alishashuka tangu ile ya kwanza. Tumia mara moja au mbili, kisha rudi kwenye -li- na -ka- kama kawaida. Utakaporudi juu, usitegemee kitenzi peke yake. Shika kitu kile kile ulichokiacha kabla ya kushuka, kiwe swali, sahani au mlango, msomaji akione tena ajue amerudi.

Na kuna mtego wa kuruka mbele, ambao niliingia kwa miguu yote miwili. Nilitaka kusema kwamba miezi minne baadaye niliiuza baiskeli ile. Nikaandika, "Miezi minne baadaye ningeiuza." Nilisikia sentensi za Kiingereza kichwani, ambako namna hiyo ya kusema huonyesha jambo lililokuja kutokea kweli. Lakini -nge- kwetu ni ya sharti. Msomaji wa Kiswahili akiona "ningeiuza" anangoja "kama". Kama nini? Kama ningepata mteja? Anaelewa kwamba sikuiuza. Kiswahili kina njia yake nyepesi: "miezi minne baadaye nilikuja kuiuza." Hiyo *nilikuja ku-* inaruka mbele, inasema jambo lilitokea, na haimwachi mtu na shaka. Tumeizoea tangu utotoni katika mazungumzo ya wazazi, halafu tukifika kwenye ukurasa tunaiona si ya kifasihi.

Najua jibu linaloningoja. Utaniambia kumbukumbu haina mpangilio, msiba hauna mpangilio, na kuandika kwa mpangilio ni kuudanganya msiba. Utanitajia Kezilahabi, na *Nagona* ya 1990 na *Mzingile* ya 1991, ambamo wakati wa saa na kalenda hautuongozi. Nakubali kuhusu Kezilahabi. Lakini vitabu vile vinakutangazia mapema kwamba umeingia katika ulimwengu wenye sheria nyingine, na havidai kwamba mtu fulani alikuwepo kando ya kitanda fulani mjini Tanga. Insha ya kweli inadai. Unapoweka neno la kweli juu ya maandishi yako, umeahidi nani alikuwa wapi na lini. Unaweza kuipanga ahadi hiyo utakavyo. Huwezi kuifuta kwa nyota tatu.

Na kuhusu msiba kutokuwa na mpangilio, ni kweli kwamba kichwa changu hakikuwa na mpangilio. Usiku ule nilikuwa Tanga na Dodoma na kwenye baiskeli kwa pamoja. Lakini mkanganyiko wangu ulikuwa na umbo lililo wazi: nilijua vizuri kwamba nimechelewa, na akili ilikuwa ikikimbia kila mahali isipokuwa hapo. Nikimchanganya msomaji, simwonyeshi mkanganyiko huo. Ninampa wa kwake, wa kutojua kama nilichelewa au la, na huo mimi sikuwa nao kamwe.

Ukweli usiopendeza ni kwamba ukungu ulinifaa. Wakati ule nilijiambia ni sanaa. Leo ninapoziangalia rasimu za zamani, naona kwamba ya kwanza ilikuwa na sentensi inayosema nilifika baada ya maziko. Niliifuta nikisema inaeleza mno. Sijui kama nilidhamiria. Ninachojua ni kwamba katika miruko yote niliyoweza kuichanganya, niliichanganya ile inayonionyesha nimechelewa. Na kiti nilichojiwekea pale kando ya kitanda kilikuwa na mwenyewe. Shangazi ndiye aliyeshika kikombe, ndiye aliyemfumba macho kaka yake, na mwandishi akamwondoa kwa kiambishi kimoja.

Baada ya simu ile nilichukua karatasi nikachora safu mbili. Upande mmoja niliandika matukio kwa mfuatano niliousimulia: kikombe, kuingia Tanga, baiskeli, kitanda kitupu. Upande wa pili nikaandika namba kwa mfuatano yaliyotokea: mbili, tatu, moja, tatu. Ile tatu inayojirudia ndiyo iliyonifungua macho. Kuingia Tanga na kitanda kitupu lilikuwa tukio moja nililolikata vipande viwili na kuweka baiskeli katikati, na kwa kufanya hivyo nikampa baba nafasi ya kuwa hai katika nusu ya kwanza. Kama una insha inayoruka, chora safu hizo. Kisha mpe mtu asiyekujua aisome, na usimuulize kama imempendeza. Muulize katika kila mruko: ni nani, ni wapi, ni kabla au baada ya lipi? Mtu akijibu vibaya, usimweleze. Rudi uandike.

Niliandika hivi:

*Shangazi alikuja kunisimulia kwamba Alhamisi ile, kabla ya isha, alimshikia baba kikombe cha maji, naye akageuza uso ukutani. Usiku huo huo alifariki. Pwani tunauita usiku wa Ijumaa.*

*Mimi nilikuwa Dodoma. Simu iliita saa sita kasoro robo, na basi la kwanza liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ijumaa mchana, walipokuwa wakimswalia, sisi tulikuwa Chalinze na abiria walikuwa wakinunua machungwa dirishani. Tukapata pancha kabla ya Segera. Nilipoingia Tanga ilikuwa saa mbili usiku, na baba alikuwa ameshakaa kaburini saa sita.*

*Mlango ulikuwa wazi. Nilivua viatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake. Godoro lilikuwa limeshakunjwa. Shangazi akaniuliza kama nimekula.*

*Kwenye kitanda hicho hicho baba alikuwa ameketi siku nilipomletea baiskeli iliyopasuka tairi. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua nitachapwa. Alicheka. Akanituma beseni la maji, akauzamisha mpira wa ndani, tukangoja mapovu yatuonyeshe tundu liko wapi.*

*Shangazi aliuliza tena kama nimekula. Nikasema ndiyo.*

Sidai kwamba kipande hiki ni kizuri kuliko kile. Kile kilikuwa kifupi na kilikuwa na mlio. Hiki kina Chalinze na machungwa ndani yake. Lakini nyota zimeondoka zote na hakuna anayepotea, na mtu akikisoma hawezi kumwambia shangazi kwamba nilimuwahi.

Nilimpigia jioni, baada ya magharibi, nikamsomea mwenyewe. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye godoro nikamsikia akivuta pumzi. Nikamaliza, nikangoja.

"Haikuwa kabla ya isha," akasema. "Nilikuwa nimeshaswali. Nilimshikia maji nikiwa bado na mtandio wa swala."

Nikamwomba radhi, nikamwambia nitarekebisha.

"Rekebisha," akasema. "Ile ya kwanza nilishindwa hata kukwambia umekosea wapi."